Bibi, Mjukuu na Vizibo vya Soda

"Mimi ni bibi, naishi Bombo na mjukuu wangu wa kike mwenye miaka 9. Umeme ukikatika jioni huwa tunacheza mafumbo ya herufi zilizovurugwa. Ya Kiingereza anayafumbua upesi, lakini nikimpa ya Kiswahili anabahatisha tu, mwisho analia na kusema Kiswahili ni kigumu. Juzi nilimwandikia IAKMSA. Tulikaa nusu saa, hakupata. Je, mtoto ana tatizo, au mimi ndiye sijui kufundisha? Na nimwanzishe wapi?"

Bibi mwenzangu, salamu kutoka Jinja. Nianze na hiyo IAKMSA, kwa kuwa jibu limo humo humo. Ulificha samaki, sivyo? Sasa zipange tena herufi zako uone: mna masika pia. Mna kamasi. Na kwa wanaosema makasi mahali ambapo wengine husema mkasi, hilo nalo limo. Maneno manne katika herufi sita, na binti amekaa nusu saa asipate hata moja. Mtoto anayelelewa na bibi anayesema Kiswahili anajua samaki, na kamasi anazijua zaidi. Kwa hiyo si msamiati uliomwangusha, wala si akili. Ni njia aliyoishika ya kutafuta.

Wengi wetu tunadhani kufumbua herufi ni kuzigeuzageuza mpaka neno lijitokeze lenyewe, na kwamba mwenye akili nyepesi ndiye anayeliona upesi. Hebu tupige hesabu. Herufi hizo sita, A ikiwa imetokea mara mbili, zinaweza kupangwa kwa namna 360. Mtoto akijaribu mpango mmoja kila sekunde 5, bila kurudia hata mmoja, atamaliza baada ya dakika 30. Ndiyo nusu saa yenu hiyo. Na hakuna mtoto asiyerudia. Baada ya mipango kumi ya kwanza hajui tena alikopita, anaanza kuzunguka palepale, na hapo ndipo machozi yanapokuja.

Utaniuliza, mbona ya Kiingereza anayaweza? Kwa sababu huko hageuzigeuzi. Shuleni anasoma na kuandika Kiingereza kutwa, na macho yake yamezoea vipande vya lugha ile. Akiona I, N na G katika rundo moja, anazisogeza mwishoni hata kabla ya kufikiri. Kiswahili anakijua kwa masikio. Ni kweli mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini katika shule nyingi za msingi somo lenyewe bado halijashika, na mtoto anayekisema nyumbani kila siku anaweza kumaliza muhula mzima bila kukiona kimeandikwa. Basi anapopewa fumbo la Kiswahili, analiendea kwa mazoea ya Kiingereza. Unaweza kulithibitisha hilo leo leo: mtazame herufi anayoiweka mwisho. Akipanga MAKIAS au SAKIAM, amefunga neno kwa konsonanti, na maneno yetu karibu yote hufunga kwa irabu. Hapo utajua anatafuta neno katika nyumba isiyo yake.

Namna ya kwetu ya kuvuruga neno ni ya zamani, nawe labda uliicheza ukiwa msichana. Watoto wa Buganda wana mchezo unaoitwa Ludikya, ambao silabi za neno husemwa kutoka mwisho kuja mwanzo: kimuli, yaani ua, linakuwa limuki. Pwani nako kuna kinyume, silabi ya mwisho hutangulizwa, mbuzi akawa zimbu. Tazama kwamba hakuna anayegusa herufi moja moja. Mchezo wote uko kwenye silabi, kwa sababu silabi ndiyo inayosikika mdomoni. Hapo ndipo pa kumwanzisha mjukuu wako, na nadhani nitaeleweka zaidi nikikusimulia jioni moja.

Ilikuwa likizo ya Mei. Mjukuu wangu wa kiume, miaka 8, alikuwa amekuja kutoka Kampala kukaa nami. Mvua ilianza alasiri, umeme ukaenda nayo, na ilipokatika giza lilikuwa limeshaingia. Tulikaa barazani na taa ya sola mezani, birika la chai ya tangawizi, na sahani ya bati iliyojaa vizibo vya soda. Barabara ilikuwa kimya kwa ajili ya tope. Kilichosikika ni matone tu, yakitoka kwenye bati na kuangukia pipa.

"Jaja, hivi vizibo ni vya nini?"

"Viache kwanza. Tunaanza kwa mdomo. Ulipotoka Kampala kuja huku, ulipita mji gani mapema kabisa?"

"Mukono."

"Ligeuze."

Akatazama juu, midomo ikatikisika, kisha akatamka polepole, "O-no-kum."

"Hizo umegeuza herufi, kama unasoma kwenye kioo. Mimi nataka ugeuze sauti. Piga makofi unapolitaja."

Akapiga matatu: mu, ko, no. Nikamwambia aanze na kofi la mwisho.

"No-ko-mu!" Akacheka hadi chai ikamwagika kidogo. Kwa dakika kumi baada ya hapo kila kitu barazani kilipata jina jipya. Meza ikawa zame, taa ikawa ataa mpaka tukakubaliana kwamba taa ina makofi mawili tu, ta na a, kwa hiyo ni ata. Nilimwacha acheze, kwa sababu kosa lile dogo la taa lilikuwa limemfundisha jambo nililotaka alijue kabla ya vizibo: kila irabu inapiga kofi lake, hata ikikaa peke yake.

Ndipo nikavimwaga vizibo. Irabu nilikuwa nimeziandika kwa wino mwekundu, konsonanti kwa buluu. Nikachagua vinne: U, K, I, S.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Jikoni nakata, kwenye kalenda nahesabiwa."

Akanyoosha mkono kuvigeuzageuza kama kawaida. Nikamshika kiganja. "Usivisogeze bado. Vyekundu viko vingapi?"

"Viwili."

"Na vya buluu?"

"Viwili."

"Kila cha buluu kinatafuta chekundu cha kukaa nacho upande wa kulia. Vioze kwanza, kama maharusi, halafu uone."

Akaweka K na I, S na U. "Kisu! Jikoni nakata ni kisu." Akanyamaza akivitazama, kisha bila kuguswa na mtu akabadilishana makofi, su-ki, akakataa kwa kichwa. Akavitenganisha, akampa S mke mwingine: si. "Si-ku. Siku! Kwenye kalenda!" Nilipomwambia kwamba limebaki la tatu, kusi, hakulijua, wala sikutarajia alijue. Nikamweleza kwamba huo ni upepo wa pwani unaovuma kutoka upande wa kusini, na akagundua mwenyewe kwamba kusini lina kusi ndani yake.

Nikatega tena. "Mti hunivaa, mtoto hupewa mimi akizaliwa, msafiri hunikanyaga." Vizibo vilikuwa N, A, J, I. Vyekundu viwili, buluu viwili. Akaoza: na-ji, ni-ja, ji-na. "Jina! Mtoto hupewa jina." Kisha ja-ni, jani, akaonyesha mwembe gizani. La msafiri likamshinda. Alijaribu michanganyiko yote minne ya makofi mawili mawili, akarudi kwangu amekunja uso.

"Jaja, la tatu halipo."

"Lipo. Ila hapa N hakutaka kuoa. Amekaa begani kwa J."

Akavisogeza N na J pamoja, akabaki na I na A. "Nj... njia. Njia!" Halafu akasema maneno ambayo sijayasahau: "Kumbe N anaweza kukaa bila mwenzake."

Ndilo somo la pili zima, na alilisema yeye. Nikamwekea B, I, S, A, M. Akahesabu bila kuambiwa. Vyekundu viwili, buluu vitatu. "Kimoja hakina mwenza," akasema, "na ni M." Akamweka M pembeni ya meza, akaoza vinne vilivyobaki, akapata si-ba, ba-si, bi-sa. Basi lilimfurahisha kwa sababu alikuja nalo, lakini lilikuwa limeacha kizibo nje. Akamrudia M, akawa anamwingiza kila mahali katika siba: mwanzoni, msiba. Katikati, simba. Alipoona kwamba simba na msiba ni vizibo vilevile, na kilichotembea ni M peke yake, alivigeuza mara nne au tano mbele nyuma bila kusema neno.

Mvua ikaanza tena, sasa kwa upepo. Nikachukua vizibo vinne vya mwisho, A, V, M, U, nikiwa nimeficha mvua. Akahesabu, viwili kwa viwili, akaoza, na upesi akapaza sauti: "Vuma!"

Nilikuwa karibu kusema si hilo. Neno nililolificha lilikuwa linapiga bati juu ya vichwa vyetu, nami nilitaka alione. Bahati nzuri upepo ulipita, mwembe ukanguruma, na kijana akaelekeza kidole nje: "Jaja, si unasikia linavyovuma?" Nikameza maneno yangu. Nikamwambia amepata, na kwamba kuna jingine, na kwamba humo M hakutaka kuoa. M-vu-a. Alilala akiwa na vizibo hivyo vinne mfukoni.

Sasa nirudi kwako. Umeona kwamba kanuni yenyewe ni moja: hesabu irabu kabla ya kugusa chochote. Zikiwa sawa na konsonanti, yaelekea kila konsonanti ina irabu yake upande wa kulia, nawe unatafuta makofi. Konsonanti zikizidi, mtafute anayeweza kukaa bila mwenzake. Mara nyingi ni M au N, na pengine W au Y aliyejibana baada ya konsonanti nyingine, kama katika bwana. Irabu zikizidi, mahali fulani irabu mbili zimekaa bega kwa bega, au neno limeanza kwa irabu. Mpe A, I, U, K, T ujionee. Irabu tatu, konsonanti mbili, na humo mna kiatu, mna kutia, mna tukia, na katika yote matatu I na A zimeshikana.

Turudi kwenye fumbo lako ili uone faida. Katika IAKMSA, A mbili na I ni tatu. S, M na K ni tatu. Sawa kwa sawa. Konsonanti tatu zinaweza kufuatana kwa namna 6, na I inaweza kukaa katika kofi la kwanza, la pili au la tatu. Sita mara tatu ni 18. Kutoka 360 tumeshuka hadi 18, na kwa mwendo uleule wa sekunde 5 ni dakika moja na nusu. Akianza na I mwishoni atakutana na sa-ma-ki, ka-ma-si na ma-ka-si katika mipango sita ya kwanza. Akiihamishia katikati, ma-si-ka. Hakuna akili ya ajabu hapo. Kuna kuhesabu mpaka tatu mara mbili.

Lakini kanuni hii ina mipaka, na afadhali uijue wewe kabla haijamkatisha mtoto tamaa. Ya kwanza umeiona katika mvua na njia: hesabu ilikuwa sawa kwa sawa, na bado jibu halikuwa la kuoza. Kwa hiyo mfundishe kwamba makofi yakikataa, aangalie kama kuna M au N, ajaribu kumbandika begani kwa mwingine. Ya pili ni maneno kama labda, daktari na maktaba, ambayo yana konsonanti mbili zilizogongana na hakuna M wala N wa kulaumiwa. Hayo ni maneno mazuri, lakini yaache mpaka mtoto awe na mazoezi ya miezi kadhaa. Ukimpa labda wiki ya kwanza, unamwambia kwamba ulichomfundisha jana ni uongo.

Jambo jingine, ambalo kwa huko kwenu lina uzito, ni L na R. Katika Kiganda R huandikwa baada ya E na I tu, kwingine ni L, na mtoto anayekulia kati ya Kiganda na Kiswahili mara nyingi huandika kama anavyosikia. Atakuwa na neno sahihi kichwani na kulikataa kwa sababu mezani kuna R naye anatafuta L. Ukimwona amekwama kwenye neno ambalo una hakika analijua, angalia kwanza kama lina mojawapo ya hizo mbili. Mimi sizilinganishi wiki za mwanzo, kisha naleta kula na kura siku moja, mahali na mahari siku nyingine, tunayatamka kwa sauti huku tukitazama vizibo.

Kuhusu vizibo vyenyewe, nakusihi usiandike tena kwenye karatasi, angalau kwa sasa. Karatasini mtoto anapanga kichwani na kufuta, kufuta kunamchosha, na hawezi kuoza herufi kwa vidole. Sanduku langu lina vizibo 60, vilivyogongwa kwa nyundo kingo zikalala ili visikate, na herufi nimeiandika upande wa ndani kwa kalamu nene ya wino usiofutika. Vyekundu 20: A sita, I nne, U nne, E tatu, O tatu. Buluu 40: M, N na K tatu tatu, T, L, S, W, B, R, H, Z, D, G, J, P na Y viwili viwili, F na V kimoja kimoja, na CH, SH na NG' kila moja imeandikwa kamili juu ya kizibo kimoja. Hilo la mwisho usilipuuze. C katika Kiswahili haitembei bila H, na ukiitenga mtoto atapoteza muda kutafuta mahali pa kuiweka. Ila MB, ND, NJ na MV usiziunganishe hata kidogo, ingawa zinasikika kama sauti moja, kwa maana ungekuwa umezuia njia isigeuke jina, na simba asigeuke msiba.

Namna ya kupanda ni hii ninayoitumia mimi. Siku mbili tatu za mwanzo, mdomo na makofi tu. Kisha vizibo, lakini umevuruga silabi bila kuzivunja: unaweka HA, BA, RI zikiwa zimeshikana jozi jozi, naye anatoa habari na bahari. Wiki inayofuata unavunja jozi, unabaki na maneno ya herufi nne. Hapo kaa kwa muda mrefu, usikimbilie marefu. Herufi nne zina utajiri ambao watu wazima hawauoni. Chukua L, I, M, A peke yake: mna lima, mali, mila, lami, na kwa mtoto aliyeandikishwa darasani, imla. Nimewahi kumaliza jioni nzima kwa vizibo hivyo vinne. Vivyo hivyo K, A, Z, I: kazi, zika na kiza, na kwenu mtoto anayefuata pacha huitwa Kizza, kwa hiyo watoto hulipata hilo upesi wakidhani ni jina la rafiki yao.

Akishaimiliki LIMA, mwongezee K na I nyingine. Mwambie, kama una K na I, jaribu kuziweka mbele kwanza, maana KI ni mlango wa maneno mengi. Atabaki na L, I, M, A anazozijua tayari, na atatoa kilima, kisha kimila. Hapo amefumbua neno la herufi sita kwa kazi ya herufi nne. Milango mingine ya namna hiyo ni KU kwa vitenzi, MA kwa wingi, na M kwa watu. Hii ndiyo nafasi ya vile vipande vya mwishoni alivyovizoea katika Kiingereza. Kwetu vipande vikubwa viko mwanzoni.

Naye akikwama, usimpe herufi ya kwanza haraka. Watu wengi huona huo ndio msaada mdogo, lakini katika neno fupi umempa karibu nusu ya jibu, na kama rundo lina majibu kadhaa umemnyang'anya mengine. Muulize kwanza amehesabu nini. Mara nyingi utakuta hajahesabu. Ikiwa amehesabu vizuri, mpe maana kwa kitendawili: "Nimo ziwani, nina magamba." Ikiwa bado, muozee jozi moja tu. Na kila fumbo unaloliandaa, andika jibu kwenye kikaratasi ukiweke chini ya kikombe, ili usije ukasahau wewe mwenyewe. Kisha, bibi mwenzangu, kubali kila neno la kweli analolitoa hata kama si ulilolificha. Ungemkatalia masika kwa sababu wewe ulificha samaki, angejifunza kwamba mchezo ni wa kubahatisha mawazo ya bibi.

Umetaja umeme. Watu huniuliza kama si afadhali mtoto acheze kwenye simu, ina mwanga wake na mafumbo hayaishi. Kwa Kiingereza sioni ubaya, mazoezi ni mazoezi. Kwa Kiswahili mpaka sasa sijapata mchezo wa simu unaovuruga kwa silabi kwanza, wala unaokubali majibu mengi, na hayo mawili ndiyo yanayomfaa mwanafunzi wa umri wake. Simu iache iwe tochi.

Sasa swali lako gumu, kama mtoto ana tatizo. Kwa ulivyoeleza, sioni. Mtoto mwenye shida ya kutambua herufi asingefumbua ya Kiingereza upesi, kwa kuwa herufi ni zilezile. Lakini usinitegemee mimi niliye mbali, mpime mwenyewe. Mchana, si kwa taa, mwandikie maneno kumi ya Kiswahili anayoyajua, yasiyovurugwa, kama meza, samaki, nyumba, kiatu, umwambie ayasome kwa sauti. Akiyasoma vizuri, shida ni ya mchezo tu, na vizibo vitaitibu. Akiyasoma kwa kusitasita, akakisia kutoka herufi ya kwanza, basi mafumbo yasimame. Anahitaji kusomeshwa Kiswahili kilichoandikwa, ukurasa mmoja kila siku pamoja nawe. Ikiwa baada ya mwezi hali haijabadilika, au ukiona hata Kiingereza anachanganya b na d, anaruka mistari, anasahau leo alichosoma jana, nenda shuleni ukaonane na mwalimu wa darasa ana kwa ana, na daftari zake mkononi. Na akileta kizibo karibu na pua, akikunja macho, akifikicha, au akilalamika kichwa kila mnapocheza, mpeleke akapimwe macho hospitalini. Hilo usiliahirishe kwa kudhani ni taa.

Kuhusu wewe kutojua kufundisha: ulimpa mtoto wa miaka 9 herufi sita, zimevunjwa zote, kwenye karatasi, bila kitendawili, wakati wa usiku. Ni ngazi kadhaa umeziruka kwa pamoja. Rudi chini tu.

Ile karatasi ya IAKMSA usiitupe. Baada ya wiki tatu au nne za makofi na maneno ya herufi nne, itoe tena, zungushia A, A na I kwa wino mwekundu, umwekee mbele pamoja na vizibo vyake sita, kisha unyamaze. Kwa ninavyowajua watoto wa umri huo, la kwanza kulitoa litakuwa kamasi.